TAHADHARI: Barua ya mweka hazina ilinilegeza, nikapiga na makofi

Jamani, naandika kwa hasira na aibu. Ni mweka hazina wa kikundi chetu cha hisa.

Alisimama kikaoni na barua ya kuchapwa, mikono inatetemeka, akaisoma hadi kwenye sahihi. Hisa 180 hazionekani, "makosa ya kuingiza michango", lawama anabeba yeye. Chini kuna kajedwali: atarejesha hisa 30 kila mwezi kwa miezi mitatu, kisha 90 kwa mkupuo. Alipofika "naombeni msamaha" sauti ikamkatika, akavua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio. Aliyesimama kusema asamehewe ni mimi. Mimi! Na makofi nikayaanzisha mimi.

Msinicheke. Mizunguko minne alishika fedha, hakuna aliyepunjwa. Nikajiambia mwizi haandiki barua, anakimbia. Tena mwezi wa kwanza alilipa mbele yetu, wahesabu fedha wakahesabu mara mbili: za hisa 30, kamili. Nikawageukia waliokuwa wakimpinga, nikawaangalia hivi, mmeona?

Sasa sikieni zilikotoka. Watu kumi tulikuwa tunatuma michango kwenye simu yake kabla ya kikao, yeye anakuja nayo taslimu. Siku ile tulishatuma za hisa 30. Akasema mtandao unasumbua, za simu atazileta kikao kijacho, halafu akaweka mezani 30 za "deni". Zilikuwa zetu! Daftari likaandika deni limebaki 150, na zetu 30 bado ziko kwake. Jumlisheni wenyewe: 180, palepale. Kikao kilichofuata akaleta zile za nyuma kwa kutumia tulizotuma asubuhi hiyo, akawa anakwenda hivyo, nyuma kikao kimoja. Awamu ya pili ilipofika, akawa nyuma vikao viwili.

Nimejua juzi tu, nilipoweka ujumbe wa miamala kwenye simu kando ya kitabu changu cha hisa. Nimetuma leo, muhuri umegongwa wiki mbili baadaye.

Na barua yenyewe ilikuwa inasema, sema sisi tulikuwa tunaangalia machozi. Haikutaja michango ya nani wala ya vikao vipi. Imesainiwa na yeye peke yake, mwenyekiti na katibu hawamo. Halafu ile awamu ya 90, nusu ya deni zima, tarehe yake ni wiki mbili baada ya siku ya kugawana! Kila mtu ameshachukua kidogo chake na kwenda, nani angemdai? Na tarehe hiyo niliisoma.

Hisa zake zishikwe. Apelekwe polisi, na picha yake ibandikwe kila kikundi asije akashikishwa hata kufuli. Ndugu zake wasinipigie tena kuniomba huruma, yangu niliimaliza siku ya makofi.

Jana usiku amenitumia ujumbe: "Dada, nimeandika barua nyingine, ratiba mpya. Naomba unisaidie kuongea na wenzako."