Bodi ya L298N niliyonunua Kariakoo: breki nzuri, maelekezo mabaya

Duka moja la vifaa vya elektroniki Kariakoo liliniuzia bodi ya L298N ya kuendeshea mota kwa ajili ya kigari cha mota ya brashi kinachotumia betri ya volti 12, likanipa na karatasi ya msimbo wa mfano. Muuzaji alisisitiza kwamba kigari kitarudi nyuma papo hapo, hata kikiwa kasi kamili. Kilirudi kwa muda, kisha bodi ikatoa harufu ya kuungua, na tangu hapo kinakwenda mbele tu. Nilipoirudisha niliambiwa, "Kaka, umeiunguza mwenyewe, hatubadilishi," na karatasi yao muuzaji hakutaka hata kuitazama.

Nimekasirika kwa sababu karatasi hiyo ndiyo iliyoiua. Mota ikizunguka huzalisha volti zake yenyewe zinazopingana na betri, na mwendo ukiwa kamili yangu huzalisha takriban volti 9. Ukigeuza mwelekeo ghafla, volti hizo huacha kupingana na betri na kujumlishwa nayo, zikawa 21. Waya wa mota una omu 4. Hata ukitoa volti 3 zinazopotea ndani ya chipu, zinabaki 18, yaani ampea 4.5, ilhali kila upande wa chipu hiyo umetengenezwa kwa ampea 2 za mfululizo. Transista za kurudishia nyuma ndizo zilizobeba mzigo huo kila mara, na ndizo zilizokufa.

Nilinunua bodi nyingine ya aina ileile, kwingine, nikaweka breki kabla ya kugeuza:

```
digitalWrite(IN1, LOW);
digitalWrite(IN2, LOW);
digitalWrite(ENA, HIGH);
delay(400);
digitalWrite(IN2, HIGH);
```

Hapa ncha mbili za mota huunganishwa kupitia daraja la transista lililo ndani ya chipu, betri haisukumi chochote, na zile volti 9, zikipungua kama 2 njiani, hupitisha ampea 1.75 tu, ambazo hushuka kadiri gurudumu linavyopunguza mwendo. Pini ya ENA, inayowasha upande huo wa chipu, ikiwa LOW, breki haipo kabisa: kigari huserereka chenyewe, na ukigeuza wakati huo unarudi kwenye hatari ileile.

Nilikuwa nimekusudia kuandika kwamba bodi hii haifai. Sasa nasema inafaa, tena kigari kinasimama vizuri kuliko nilivyotarajia, ingawa kwenye mteremko breki hiyo haikishikilii, kwa kuwa mota isiyozunguka haizalishi volti, hivyo kinateremka polepole. Kwa kigari kizito zaidi nisingeitumia, kwa sababu mota kubwa inaweza kuvuta zaidi ya ampea 2 kwa mfululizo. Lakini duka lile silipendekezi kwa yeyote, maana wanaendelea kuwapa wanafunzi karatasi ileile ya msimbo, bila mstari hata mmoja wa breki.