Uzoefu wangu na EBITDA na mtiririko huru wa fedha: vipimo viwili, kampuni moja ya malori

Kazi yangu ni kuchambua maombi ya mikopo ya kampuni. Kwa miaka mingi nimeishi na vipimo hivi viwili mezani, na nimewahi kukosea kwa kuamini kila kimoja kwa wakati wake. Kwa hiyo nayaandika haya kama mtumiaji. Nitaeleza kila kipimo kimenipa nini na kimenificha nini, kupitia faili moja ambalo sijalisahau. Kampuni siitaji, na namba nimezizungusha zote ziwe za milioni ili zifuatike kwa urahisi.

EBITDA ni faida kabla ya kutoa riba, kodi, uchakavu wa mali za kudumu na punguzo la thamani ya mali zisizoshikika. Kwa lugha ya kawaida, unachukua mauzo, unatoa gharama za kuendesha biashara siku kwa siku, na hapo unasimama. Kampuni yangu ya malori iliuza kwa 500, ikatumia 400 kwenye mafuta, mishahara, matengenezo na ofisi. EBITDA yake ikawa 100. Ilikuwa inadaiwa 300, yaani mara tatu ya EBITDA, na kwenye masharti ya mkopo tuliiruhusu ifike mara tatu na nusu. Kwa kipimo hicho peke yake, mteja alikuwa ndani ya mstari.

Kuna sababu ya haki ya kuanza na EBITDA. Uchakavu ni makadirio ya mhasibu. Kampuni mbili zinaweza kununua malori yaleyale, moja ikayahesabia maisha ya miaka mitano na nyingine minane, na faida zao zikatofautiana ilhali malori yanabeba mzigo uleule. Riba nayo inategemea nani alikopa na nani alitumia mtaji wa wenye hisa. Kodi inategemea nchi, misamaha na hasara za nyuma. Ukiviweka kando vyote hivyo, unaweza kuzipanga kampuni kumi za sekta moja na kuona ipi inaendesha shughuli zake vizuri zaidi. Ndiyo maana wanunuzi wa kampuni hutaja bei kama “mara saba ya EBITDA”. Mnunuzi atakuja na mkopo wake na hali yake ya kodi, kwa hiyo vya mwenye kampuni wa sasa havimhusu sana.

Kipimo hiki kilipata nguvu kwenye televisheni za kebo za Marekani, kwa John Malone, aliyeanza kuiongoza kampuni ya kebo ya TCI mwaka 1973. Kebo hugharimu sana kutandazwa, kisha wateja hulipa kila mwezi kwa miaka. Vitabu vilionyesha faida ndogo au hasara kwa sababu ya uchakavu na riba, huku pesa ikiingia. Malone aliwataka wakopeshaji waangalie pesa hiyo iliyo juu ya riba na uchakavu, na kwa biashara ile hoja ilikuwa na mashiko. Taabu ilianza hoja hiyo ilipobebwa hadi kwenye biashara ambazo mali zake zinakufa upesi. Lori si kebo iliyofukiwa ardhini.

Basi turudi kwenye faili. Mtiririko huru wa fedha, kwa hesabu niliyoizoea, ni pesa iliyotokana na shughuli za biashara ukitoa matumizi ya mtaji, yaani pesa ya kununua mali za kudumu. Nilishuka kutoka EBITDA hatua kwa hatua. Kwenye 100 nilitoa riba 30, na kodi 6. Wateja walikuwa wamechelewa kulipa, deni lao likapanda kutoka 80 hadi 98, kwa hiyo 18 ya mauzo yale ilikuwa bado karatasi tu. Vipuri vya 2 zaidi vililala stoo. Ikabaki 44. Mwaka huohuo walinunua malori na vifaa kwa 52. Mtiririko huru ukawa hasi 8, na bado kulikuwa na 20 ya marejesho ya mkopo. Pengo la 28 lilikuwa limezibwa na mkopo wa muda mfupi kwenye akaunti ya kila siku, benki nyingine.

Karibu na faili hilo lilikuwepo la kampuni ya programu za kompyuta, nayo EBITDA 100, deni 300, riba 30. Vifaa vyake vya mwaka vilimgharimu 8, na wateja wake walilipia huduma kabla hawajaitumia. Baada ya kodi alibaki na 50 mkononi. Tungetazama mara tatu ya EBITDA tu, hawa wawili wangekuwa mapacha.

Nilimwandikia mkurugenzi wa malori nikamweleza kwamba mtiririko huru ukiendelea kuwa hasi hatutaongeza mkopo. Hapo ndipo nikapata somo la upande wa pili. Mwaka uliofuata alirudi na uso mkunjufu. “Ndugu yangu, ulitaka pesa, pesa hii hapa.” Na kweli, EBITDA ilikuwa 98, na mtiririko huru ulikuwa umeruka hadi chanya 52.

Nilifurahi kwa siku mbili hivi, kisha nikaifungua hesabu. Kwenye 98, riba 32 na kodi 5 zinatoka, inabaki 61. Deni kwa wauza mafuta lilikuwa limepanda kwa 15, na hiyo ndiyo iliyofikisha 76. Ununuzi wa malori ulikuwa umeshuka kutoka 52 hadi 24. Kila tarakimu ilikuwa ya kweli, hakuna aliyedanganya. Lakini kumchelewesha muuza mafuta ni kukopa kwake bila kuandikishiana, na kuahirisha lori ni kula maisha ya malori uliyonayo.

Niliomba kwenda yadi. Nyuma kabisa, ukutani, malori manne yalikuwa yamepandishwa juu ya magogo, hayana matairi, boneti wazi, moja limeng’olewa gia boksi na mdomo wake umezibwa na gunia. Nikamuuliza fundi mkuu yanasubiri nini. “Hayasubiri kitu, mkuu. Haya tunayachinja ili mengine yatembee.” Malori hayo bado yalikuwa kwenye orodha ya mali na bado yanahesabiwa uchakavu. Mwaka wa tatu wauza mafuta walidai taslimu kabla ya kujaza tangi, matengenezo yakapaa, na EBITDA yenyewe ikashuka hadi 84.

Tangu hapo, mtiririko huru wa mwaka mmoja siutolei uamuzi. Najumlisha angalau mitano, kwa sababu kununua malori hakuji kwa mstari ulionyooka. Dalili ninazozitazama ni mbili. Ya kwanza ni matumizi ya mtaji yakiwa chini ya uchakavu kwa mfululizo, kama hapa, 24 dhidi ya uchakavu wa 48. Ya pili ni siku za kuwalipa wauzaji zikirefuka wakati biashara haikui.

Hata hivyo, kuna aina moja ya udanganyifu ambapo mtiririko huru umesimama imara mahali EBITDA ilipoanguka, nao ni ule wa WorldCom. Kampuni hiyo ya simu ya Marekani ililipa kampuni nyingine kwa kupitisha simu kwenye mitandao yao. Hiyo ni gharama ya kawaida ya kila mwezi. Vitabuni wakaihamisha na kuiita mali ya kudumu. Juni 2002 walitangaza kwamba dola bilioni 3.8 zilikuwa zimehamishwa hivyo, baada ya wakaguzi wao wa ndani, wakiongozwa na Cynthia Cooper, kuzifuatilia. Angalia inavyofanya kazi: gharama ikishakuwa mali, inarudi vitabuni kidogo kidogo kama uchakavu, na EBITDA haiutoi uchakavu. Kwa hiyo kiasi chote kilipandisha EBITDA, na hata pesa ya shughuli ilionekana nono. Lakini ukitoa matumizi ya mtaji, kiasi kilekile kinatoka mlango wa pili. Mtiririko huru haukubadilika hata senti, kwa kuwa pesa ilikuwa imeshaondoka, uipe jina lolote. Julai mwaka huohuo kampuni iliomba ulinzi wa mufilisi.

Ningependa kusema basi mtiririko huru ndio mkweli wa mwisho, lakini kuna kitu kinavipofusha vyote viwili, nacho ni kukodi. Chini ya kanuni ya kimataifa ya uhasibu ya IFRS 16, iliyoanza kutumika Januari 2019, kodi ya pango la muda mrefu haikai tena kwenye gharama za uendeshaji. Inagawanyika kuwa uchakavu na riba. Chukulia kampuni ya malori ikaacha kununua, ikakodi malori kwa 20 kwa mwaka. Zamani EBITDA ingepungua 20. Sasa haipungui kitu. Na kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, sehemu kubwa ya malipo hayo inaandikwa chini kabisa, kwenye marejesho ya madeni, ambako hesabu yangu ya mtiririko huru haifiki. Malori yanatembea, pesa inatoka kila mwezi, na vipimo vyote viwili vinatabasamu. Dawa ninayoitumia ni kwenda kwenye maelezo ya hesabu, kutafuta jumla ya pesa iliyolipwa kwa ukodishaji, na kuitoa mwenyewe kwenye vyote. Mkilinganisha na kampuni za Marekani muwe waangalifu zaidi, maana kanuni za huko bado zinaacha pango nyingi za kawaida ndani ya gharama za uendeshaji.

Kwa hiyo bado navitumia vyote, na thamani kubwa naipata kwenye ngazi zilizo katikati yao. Kwa kampuni ya malori swali gumu lilikuwa matumizi ya mtaji: kiasi gani ni cha kubaki ulipo, na kiasi gani ni cha kukua. Taarifa za hesabu mara nyingi hazitenganishi, nikajifunza kuhesabu mwenyewe. Walikuwa na malori 120. Fundi mkuu aliniambia kwa barabara zao lori linafaa miaka 8. Maana yake, ili tu kundi lisizeeke, wanunue 15 kila mwaka. Lori moja lilikuwa 3, kwa hiyo 45 kwa mwaka, wapende wasipende.

Nikairudia hesabu ya mwaka wa kwanza kwa namba hiyo, bila kuwahesabia wateja waliochelewa. EBITDA 100, toa malori 45, riba 30, kodi 6. Inabaki 19, na marejesho ni 20. Mkopo wa 300, uliokuwa ndani ya masharti yetu, haukuwa na nafasi ya kukosea hata mwezi mmoja. Kwa mkopo wa 200, riba ingekuwa 20, kodi ingepanda hadi 9, na ingebaki 26 ya kulipia marejesho ya 13 hivi. Ningeidhinisha 200.