Simu ya kununua ukitaka kuendelea kumwona unayeongea naye kwa video huku ukifanya mengine

Ukiingia duka la simu kando ya Barabara ya Sokoine hapa Arusha, muuzaji atakueleza kamera, chaji na upana wa kioo. Hatakuambia kama simu hiyo inaweza kumbakiza unayeongea naye kwenye kidirisha pembeni ya kioo pale unapotoka WhatsApp kwenda kufungua kitu kingine, na wanunuzi wengi nao hawaulizi. Kama simu za video unapiga kusalimiana tu, hilo halina uzito. Kama unafanyia biashara, liulize kabla ya kamera.

Chukulia mama anayeuza vitenge Mbuyuni, Moshi. Mzigo wake unatoka Kariakoo, na badala ya kupanda basi anapiga simu ya video. Muuzaji wa kule anafunua jora moja baada ya jingine mbele ya kamera. Mama anatakiwa afungue kikokotoo apige bei ya jumla, arudi kwenye ujumbe wa wateja walioagiza rangi, kisha afungue programu ya M-Pesa alipe. Simu isiyo na kidirisha, kila anapotoka picha inapotea na inabaki sauti tu. Anaporudi, jora alilolitaka limeshakunjwa na muuzaji yuko rafu nyingine. Mambo ya namna hiyo ndiyo yanayozaa mzigo wa rangi isiyoagizwa.

Kidirisha hiki kwenye menyu za simu kinaitwa Picture-in-picture. Simu za Android zilikipata kwenye Android 8, mwaka 2017. iPhone zilikipata kwenye iOS 14, mwaka 2020. Kwa hiyo mtu angedhani kila simu mpya dukani leo inacho. Haiko hivyo, na simu zinazokikosa ndizo zinazouzika sana kwa sababu ya bei.

Za kuepuka: Android Go

Naanza na za mwisho kwenye orodha yangu kwa sababu hapa ndipo pesa inapopotea. Google hutoa Android nyepesi kwa ajili ya simu zenye RAM kidogo, iitwayo Android Go. Ili simu isielemewe, baadhi ya mambo huondolewa, na kidirisha cha video ni mojawapo. Siyo kwamba kimefichwa mahali ukakiwashe. Hakimo, na hakuna programu ya kupakua itakayokirudisha.

Samsung Galaxy A03 Core, Tecno Pop 8, itel A70 na Redmi A3 zote ni za Go. Ni simu nzuri kwa kupiga, kuchati na kutazama picha, na sina ugomvi nazo kwa kazi hizo. Tatizo ni kwamba boksi huandikwa Android 13 au 14 kwa herufi kubwa, na neno Go hulioni kirahisi. Usidanganywe na RAM pia: siku hizi zipo simu za Go zenye GB 3 na hata 4.

Dukani, fungua Settings, na kwenye sehemu ya kutafutia juu andika:

```
picture
```

Simu yenye kidirisha italeta Picture-in-picture, na ukibonyeza utaona orodha ya programu zinazoruhusiwa kukitumia. Isipoleta kitu, nenda Apps, kisha Special app access, ukaangalie kwa macho. Kwenye Samsung ni Apps, nukta tatu za juu, halafu Special access. Kama na huko hakuna, rudisha simu kwa muuzaji. Ishara nyingine ni kukuta programu kama Google Go au Gallery Go zimewekwa tangu kiwandani.

Ya kwanza: Android kamili, RAM halisi ya GB 6 au zaidi

Hii ndiyo ningemshauri mama wa Mbuyuni. Galaxy A15 ya GB 6 inatosha kabisa, na Tecno Spark 20 ya GB 8 pia. Sizitaji kama simu pekee zinazofaa. Nazitaja upate kipimo cha kulinganishia utakachokikuta dukani.

Sababu ya kung'ang'ania RAM si kidirisha chenyewe. Programu iliyo kwenye kidirisha bado inaonekana kiooni, kwa hiyo Android huilinda isifungwe. RAM ikipungua, zinazotolewa kafara ni zile ulizoziacha nyuma. Unakuta simu ya video inaendelea vizuri, lakini fomu uliyokuwa umeijaza nusu kwenye kivinjari, ukirudi, ukurasa umejipakia upya na kila kitu kimefutika. Watu huilaumu intaneti wakati kilichokosekana ni RAM.

Hapa kuna maneno ya biashara ya kuwa nayo macho. Muuzaji akisema GB 8, muulize: nane halisi, au nne kwa nne? Kampuni nyingi huongeza RAM ya kuazima kutoka kwenye hifadhi ya simu, na Samsung wao huiita RAM Plus. Hifadhi ni ya polepole kuliko RAM, kwa hiyo hiyo nyongeza haifanyi kazi sawa na RAM iliyojengewa. Fungua About phone uangalie. Ukiona 4 GB + 4 GB, hesabu nne.

Ya pili: iPhone iliyotumika, kuanzia iPhone 11

Maduka ya simu zilizotumika yapo ya kutosha Arusha na Moshi, na iPhone 11 bado ni chaguo zuri kwa kazi hii. Kidirisha chake hakisumbui: unakivuta kona yoyote, na ukikisukuma nje ya ukingo wa kioo kinajificha huku sauti ikiendelea. Kwenye WhatsApp ya iPhone kidirisha hiki kilifika mwaka 2023, kwa hiyo ukinunua simu yenye WhatsApp ya zamani, isasishe kwanza kabla ya kusema haifanyi kazi.

Nimeiweka ya pili kwa sababu moja kubwa. Kwenye iPhone, wewe unaweza kuendelea kumwona mwenzako lakini yeye asikuone tena, maana Apple hubana matumizi ya kamera kwa programu isiyo mbele. Baadhi ya programu zimepewa ruhusa na nyingine hazina, na toleo la iOS nalo lina mchango wake. Kwa anayenunua mzigo, hilo si tatizo. Anachotaka ni kuona. Kwa anayeuza, anayeonyesha jora huku akitafuta bei kwenye simu hiyo hiyo, ni tatizo kweli, kwa sababu mteja ataona picha imeganda. Kwenye Android kamera huendelea kurusha muda wote kidirisha kikiwa kiooni.

Zile ndogo, kama iPhone 8 na iPhone SE ya 2020, zina kidirisha pia, lakini kioo cha inchi 4.7 kinajaa mara moja. Kidirisha na kibodi vikikaa pamoja hubaki nafasi finyu ya kusoma unachoandika.

Ya tatu: Android kamili ya GB 4

Mfuko ukibana, Galaxy A05 au A06 ya GB 4 ni bora mara nyingi kuliko simu yoyote ya Go, hata kama tofauti ya bei inauma. Kidirisha kipo na kinafanya kazi. Utaishi nacho vizuri ukizoea kufunga programu usizozitumia kabla ya kupiga, na usijaze fomu ndefu ukiwa hewani.

Kujaribu kabla ya kulipa

Omba muuzaji awashe simu, uiunganishe na hotspoti ya simu yako, na uweke WhatsApp kwa laini uliyonayo ya ziada. Mpigie video mtu aliye nje ya duka. Akipokea, rudi skrini ya mwanzo. Kidirisha kitokee chenyewe, na picha iendelee kutembea. Fungua kivinjari, bonyeza sehemu ya kuandikia ili kibodi ipande, uone kama kidirisha kinajisogeza juu. Kisha muulize aliye nje: bado unaniona? Hilo ndilo swali watu wanalisahau.

Kidirisha kisipotokea kwenye simu ambayo Settings ilionyesha Picture-in-picture, kosa kwa kawaida ni ruhusa tu. Ingia kwenye ile orodha, chagua WhatsApp, washa, ujaribu tena.

Mambo ambayo hata simu nzuri haiyaponyi

Kubwa kwa huku kwetu ni menyu za kupiga. Ukiwa unatumia bando la laini, ukapiga *150*00# katikati ya simu ya video, simu nyingi hushuka kutoka 4G kwenda 3G au 2G ili kufungua ile menyu. Intaneti inapungua ghafla na picha inaganda, wakati mwingine mpaka simu inakatika. Simu ya kawaida ikiingia huweza kuleta hali hiyo hiyo kama simu au laini yako haipokei simu kupitia 4G. Tumia programu ya M-Pesa, Airtel Money au Mixx by Yas badala ya menyu, maana programu inapita kwenye intaneti ile ile na haigusi mtandao wa sauti. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya duka, menyu haina madhara.

La pili ni kuskani. Ukifungua kamera kusoma alama ya malipo, programu ya malipo inaichukua kamera na mwenzako anaacha kukuona. Mama wetu wa vitenge amwombe muuzaji amtajie lipa namba aiandike kwa mkono. Picha ya majora itabaki pale pale kwenye kidirisha, na anaweza kuhakikisha rangi ni ile aliyoagiza kabla hajaweka namba ya siri.

Na kidirisha ni kimoja tu kwa wakati. Ukifungua video nyingine inayotaka nayo kujiweka kwenye kidirisha, itachukua nafasi ya simu yako. Ukitaka kumrudisha mwenzako, shusha orodha ya arifa na ubonyeze ile ya simu inayoendelea.

Ukishachagua, bonyeza *#06# upate IMEI, uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ya TCRA, na majibu yalingane na jina na modeli iliyo kwenye boksi. Risiti iandikwe modeli kamili na RAM halisi, siyo jina la kampuni peke yake, kwa sababu ukirudi kudai kuwa ulipewa ya Go badala ya uliyoonyeshwa, hiyo karatasi ndiyo itakayokutetea.