Kipima mwelekeo wa fezi: nilivyokitumia kwenye pampu iliyozunguka kinyume

Kipima hiki, kinachoonyesha kama fezi tatu zimepangwa kulia au kushoto, ninacho kwenye mfuko wangu wa kazi kila ninapoitwa kwenye mota za fezi tatu. Kazi iliyonionyesha vizuri ubora wake na mipaka yake ni ya pampu ya maji yenye mota ya kilowati 4, inayowashwa moja kwa moja kwa kontakta. Mota ilikuwa imetoka kusukwa upya. Iliporudishwa, ilizunguka bila kelele na maji yakatoka, lakini geji ya presha ikakwama kwenye baa 2 ilhali kawaida yake ni 4.

Dalili hiyo huwapoteza wengi. Pampu ya impela ikizunguka kinyume hairudishi maji yalikotoka. Inaendelea kuyasukuma mbele, ila kwa unyonge, na mtu anaanza kulaumu valvu au impela iliyolika. Mimi nilitazama mshale uliochongwa kwenye bodi ya pampu, kisha nikaangalia feni ya mota wakati inasimama: ilikuwa inakwenda upande wa pili. Niliizima hapohapo, kwa sababu impela iliyofungwa kwa nyuzi kwenye shafti inaweza kujifungua ikizungushwa hivyo.

Kabla ya kugusa waya nilizima swichi ya mota, nikaifunga kwa kufuli na kuweka ufunguo mfukoni. Pampu hii huwashwa na boya la tangi, kwa hiyo ingeweza kuanza yenyewe wakati wowote. Kisha nikachukua tesita ya volti ya ncha mbili. Niliijaribu kwanza kwenye umeme ninaoujua kuwa upo, nikapima fezi kwa fezi, jozi zote tatu, na kila fezi kwa ethi, halafu nikairudisha kwenye umeme ule wa kwanza kuhakikisha haijafa katikati ya kazi. Hapa kipima mwelekeo hakifai kabisa. Taa zake zikizimika, huenda umeme haupo, au huenda waya wake mmoja umekatika ndani, nacho hakikuambii ni lipi.

Baada ya hapo ndipo kilipofanya kazi yake. Umeme ukiwa bado umezimwa, nilibana vibanio vyake vitatu kwenye upande wa kontakta unaoingiza umeme, nikahakikisha hakuna mkono karibu, nikawasha. Kikaonyesha fezi zote tatu zipo na mpangilio ni wa kulia. Maana yake njia ya umeme ni sawa. Nikazima, nikafunga kufuli na kupima upya kwa tesita. Nikachomoa nyaya tatu za umeme kwenye kisanduku cha mota, nikabana kipima kwenye U, V na W, na kuzungusha shafti kwa mkono kufuata mshale. Taa ya kushoto ikawaka. Basi tatizo lilikuwa kwenye alama za nyaya zilizowekwa wakati wa kusuka.

Kwa hiyo nilibadilishana nyaya za L1 na L3 palepale kwenye kisanduku, L2 nikairudisha mahali pake. Jozi yoyote ingefaa, lakini ni mbili tu: ukizisogeza zote tatu hatua moja, mota itazunguka vilevile kama mwanzo. Waya wa kijani na njano hauhusiki, wala vile vipande vya shaba vinavyounganisha stari au delta. Nisingebadilisha kwenye swichi kuu, maana mota nyingine zinazotumia njia hiyo zingegeuka pia.

Nilikaza nati, nikafunga kifuniko, nikabonyeza kuwasha na kuzima papo hapo huku nikitazama feni. Ilifuata mshale. Nilipoiacha iende, geji ikapanda hadi 4, na mita ya kubana ikaonyesha ampea zinazokaribiana kwenye fezi zote.

Kasoro ya kipima hiki ni kwamba vibanio ni vinene. Kwenye kontakta ndogo vinakaribia kugusana, na hilo si jambo la kupuuza kwenye volti 400. Mota inayonguruma bila kuzunguka pia usitarajie kuiponya kwa kubadilisha nyaya: kwanza tafuta fezi iliyokosekana.

Kwa stata ya stari-delta, mimi hubadilisha nyaya mbili zinazoingia kwenye stata, si zile sita zinazokwenda kwenye mota, kwani ukikosea jozi hapo unavuruga muunganisho wenyewe. Na mota ikiendeshwa na inveta, kubadilisha upande wa kuingia hakugeuzi chochote. Geuza kwenye mipangilio ya inveta, au badilisha mbili za upande wa kutoka baada ya kuzima na kusubiri dakika zilizoandikwa kwenye kibao chake, maana kapasita zake hubaki na umeme.