Upepo mwanana, upepo mkali: zana ya video inavyozisoma nguvu za mwendo

Zana ninayoitumia ni ya akili mnemba: unaandika maelezo, inakurudishia klipu ya sekunde 5. Kwa sura, mwanga na rangi sina la kulalamika. Kazi inakuja pale unapotaka kitu kisogee kwa kiwango fulani cha nguvu.

Niliipima kwa tukio moja: shuka jeupe limeanikwa kwenye kamba, na mtu anapita nyuma yake. Kila kitu nilikiacha vilevile, nikawa nabadilisha maneno ya mwendo tu.

Nilipoandika "upepo mwanana", nilitaka pindo la shuka licheze kidogo. Nililetewa dunia nzima imelegea: shuka, nyasi, hata yule mpita njia anaelea kama yuko chini ya maji. Jua nalo likawa la dhahabu, ingawa sikuliomba. Nilipoandika kwamba mtu anapita "chapuchapu", alitembea mwendo uleule wa kila siku. Maneno ya katikati kama hilo huwa hayaonekani yamefanya kazi yoyote. Kisha nikaandika "upepo mkali wa kutisha". Anga ikawa nyeusi, kamera ikaanza kutikisika, shuka likavutika mpaka likaungana na kamba, na kibanio kimoja kikageuka kuwa kitambaa. Tena ole wako uandike neno linalonusa vurugu au ukatili, maana kichujio cha usalama kinaweza kukataa ombi zima wakati wewe unazungumzia nguo zilizoanikwa.

Sababu yake haifichiki sana. Zana hizi zimejifunza kutokana na video zilizoambatanishwa na maelezo, na maelezo ya namna hiyo hutaja zaidi kilichomo kuliko kasi yake. Kwa hiyo neno la nguvu linakuja na mazingira yake yote. Upole umezoeana na picha za kibiashara zilizopunguzwa kasi, na dhoruba imezoeana na kamera iliyoshikwa mkononi chini ya mawingu mazito. Juu ya hayo, neno moja halikai kwenye kitu kimoja. Linasambaa kwenye fremu nzima. Hata swichi ya kuongeza au kupunguza mwendo iliyomo kwenye zana ina ugonjwa huohuo, kwani haijui kutenga shuka na kamera.

Kilichonisaidia ni kuacha kutaja nguvu na kutaja matokeo yake. Mabaharia walishapita njia hii. Mwaka 1805 Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alipanga upepo kwa namba, na kipimo chake kinaeleza upepo kwa yale unayoyafanya. Kwa nchi kavu, namba 2 majani yanachakarika. Namba 4 vumbi na karatasi vinainuka na matawi madogo yanacheza. Namba 6 matawi makubwa yanayumba na mwavuli unakuwa mgumu kushika. Basi badala ya "upepo mkali" niliandika: "Shuka limeinuka karibu kulala sambamba na ardhi, pindo lake linapigapiga, vumbi linapita chini yake. Matawi makubwa ya mti yanayumba. Kamera imetulia kwenye stendi. Anga safi, mchana." Safari hii upepo ulikuwa mkali kweli, na kamera haikutikisika.

Kwa upole, hakikisha kwanza unachokiona ni upole na si muda uliovutwa. Mimi huomba kibanio kimoja kianguke. Kitu kikianguka mita 1 huchukua kama sekunde 0.45, yaani takriban fremu 11 kwenye video ya fremu 24 kwa sekunde. Kikichukua fremu 20 na zaidi, klipu imepunguzwa kasi, hata kama shuka linapendeza. Hapo sihangaiki kuandika upya. Naiongeza kasi mara mbili kwenye programu ya kuhariri, nikijua sekunde 5 zitabaki 2.5. Mtembea kwa miguu naye anapimika: mwendo wa haraka ni karibu hatua 2 kwa sekunde. Lakini kuiandikia zana idadi ya hatua hakusaidii sana, kwa sababu haihesabu vizuri. Afadhali useme mikono imekunjwa viwikoni, mwili umeinama mbele kidogo, nguo inabaki nyuma ya magoti.

Ukiipa zana picha yako mwenyewe ili klipu ianzie hapo, angalia shuka limekaaje kwenye picha hiyo. Shuka lililoning'inia wima kwenye picha litaishinda sentensi yako karibu kila mara, au litachukua nusu ya klipu kabla halijaamka. Tafuta picha ambayo shuka tayari limeinuka.

Ninaipa nyota 3 kati ya 5. Mwendo wa aina moja inauweza ukiieleza vizuri. Upepo unaoanza kwa kunong'ona na kupanda hadi dhoruba ndani ya klipu moja bado haujanitokea vizuri. Huwa naugawa klipu mbili na kuziunganisha mahali shuka linapoziba fremu.