Kalamu ya taa nyekundu ya kupimia faiba: nimeijaribu

Haya wadau, leo niko Ngamiani, barabara ya 12, na taa nimezima makusudi maana hiki kitu kinanoga gizani. Hii hapa ni kalamu ya leza nyekundu ya mafundi wa faiba, yangu ni ya miliwati 1, na msiichungulie mdomoni, macho hayana spea.

Nachomeka kwenye huu waya wa njano... cheki, waya wote giza, halafu mwisho kule kidoti chekundu. Sasa ndani ya huu waya ni uzi wa kioo, na kioo si kinapitisha mwanga, mbona hauvuji njiani?

Wewe uliyewahi kuzamia pale Raskazone ukafumbua macho, ukitazama juu moja kwa moja unaona mbingu, ila ukitazama kwa kulalia pembeni uso wa maji umegeuka kioo, unakuonyesha mchanga wa chini. Mwanga ulio majini ukigonga uso ukiwa umelala zaidi ya digrii 49 hivi kutoka wima hautoki tena, unarudi wote. Hiyo ndo pembe ya kikomo. Na nasema wote, sio kama kioo cha kunyolea ambacho kila mara kinakula kidogo.

Kwenye faiba kuna kiini katikati na ganda limekizunguka, vyote kioo, ila kiini kinapunguza kasi ya mwanga zaidi kidogo, tuseme mara 1.468 kwa mara 1.463 ya ganda. Gawanya ndogo kwa kubwa, tafuta pembe yenye sine hiyo, inakuja kama digrii 85. Yani mwanga lazima uende karibu sambamba na ukuta, ukiinuka zaidi ya digrii 5 tu umeshatoka.

Sasa ona kilichonikuta. Rauta ya bi mkubwa ilikuwa inawaka taa nyekundu, kipimo cha nguvu ya mwanga kinasoma -29 dBm, yani mwanga hafifu mno, wakati jana yake ilikuwa -21. Nikachomeka kalamu, nikazima taa, nyuma ya kabati pakawaka kama kaa la sigara! Fundi alikaza tai ya plastiki hadi waya ukakunjika kama ndoano. Pale kwenye kona ukuta wa nje unageuka, mwanga uliokuwa umelala unaugonga ukiwa umesimama kuliko kikomo, basi unatoboa nje. Nikakata tai, nikaupa mzunguko mpana kama kisahani cha chai, ikarudi -21.

Ila nisiwadanganye, hii kalamu ina kasoro. Taa yake ni ya mawimbi ya nanomita 650, intaneti inashuka na mawimbi marefu zaidi ya 1490, na mawimbi marefu yanatanuka nje ya kiini kwa hiyo yanavuja mapema kwenye kona. Unaweza kuta kona haitoi wekundu wowote na bado inakula intaneti. Ukiona giza tupu na kipimo bado kibaya, fungua kona zote kwa mkono, moja moja, huku unasoma kipimo.