Miasthenia: dawa imepungua au imezidi?

Bi mkubwa mmoja wa Wete, mwenye miasthenia, ugonjwa unaodhoofisha misuli, aliletwa usiku, kichwa kimelegea na pumzi fupi. Bintiye akasema, "Daktari, mama dawa zimemwishia nguvu, tumuongeze." Nikauliza amemeza ngapi. Piridostigmini ya miligramu 60, vidonge 2 kila saa 2, tangu alfajiri hadi isha: 16, yaani miligramu 960.

Dawa hii huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali inayobeba ujumbe wa neva, ili ujumbe huo uufikie msuli. Ugonjwa ukiishinda dawa, hasa mtu akipata homa ya mapafu, msuli haupati ujumbe. Dawa ikizidi mno, msuli hufurikwa na kuacha kuitikia. Udhaifu ni uleule, ndiyo maana watu hukosea.

Tofauti niliiona kwingine. Kanga yake ilikuwa imelowa mate na jasho, tumbo limeharisha, mboni ndogo kama ncha ya sindano, moyo ukienda polepole, na misuli ya paja ikipwitapwita chini ya ngozi. Ugonjwa wenyewe ungezidi, mboni zingekuwa za kawaida au pana, moyo ukienda mbio, bila kupwitapwita. Kuzidi kwa ugonjwa ndiko tunakokuona zaidi. Hili la dawa ni nadra.

Kwa vyovyote, pumzi kwanza. Nilimwambia ahesabu kwa pumzi moja; hakufika 10. Akawekewa mashine, dawa ikasimamishwa. Atropini ilikausha mate na kuharakisha moyo, lakini udhaifu wa misuli haiugusi.